Kipeo na kipeuo: alama za mtihani wa kwantamu zinapotelea kwenye mraba

Kwa Kiswahili herufi moja tu inatenganisha kipeo cha pili na kipeuo cha pili. Kimoja kinazidisha namba kwa yenyewe, kingine kinarudi nyuma kutafuta namba ilikotoka. Mtu akiwa na usingizi anaweza kusoma kimoja akadhani ni kingine. Nimekuwa nikisimamia mazoezi ya fizikia hapa Bukavu kwa miaka kadhaa, na kila nikipokea furushi la karatasi za kwantamu naona jambo lile lile: fizikia wanafunzi wanaijua, alama zinapotelea pale penye mraba. Wengine wanasahau kuuweka, wengine wanaufungua vibaya, na wengine wanauweka kwenye namba changamano kana kwamba ni namba ya kawaida.

Usione haya kama ni wewe. Mwaka 1926 Max Born, mtu aliyetuambia kwamba fonksyo ya wimbi inatupa uwezekano, kwanza aliandika kwamba uwezekano unatokana na ukubwa wa wimbi lenyewe. Sahihisho kwamba ni mraba wa ukubwa huo aliliongeza chini ya ukurasa, makala ikiwa tayari inaelekea kuchapwa. Mwaka 1954 alipewa Tuzo ya Nobel, na mraba ule ulioingilia mlango wa nyuma ndio kiini cha sababu.

Tuchukue swali moja tu tulifuate mpaka mwisho. Ni swali la kawaida kabisa na linarudi mwaka hata mwaka, likibadilishwa nguo. Likija kwa Kifaransa litakuwa na sura yake, lakini maana yake ni hii: chembe yenye masi m imefungwa ndani ya kisima chenye kuta zisizopitika, kuanzia x = 0 mpaka x = L. Wakati t = 0 hali yake ni

```
ψ(x) = A x (L − x)     kwa 0 ≤ x ≤ L
ψ(x) = 0               kwingineko
```

Tafuta A. Tafuta wastani wa x, wa p na wa p². Tafuta wastani wa nishati. Mwisho, ukipima nishati, kuna uwezekano gani wa kupata E₁?

Hatua ya kwanza: chora kabla ya kuandika

Sekunde ishirini zinatosha. Chora kuta mbili na katikati kilima kimoja cha mviringo, kinachoanza sifuri, kinapanda mpaka x = L/2, kisha kinashuka tena mpaka sifuri. Kilima hicho kinafanana sana na nusu ya wimbi la sin, yaani hali ya chini kabisa ya kisima, φ₁.

Mchoro huo umeshakupa majibu matatu bila hesabu. Kilima kina ulinganifu, kwa hiyo wastani wa x ni L/2. ψ ni namba halisi tupu, haina i popote, kwa hiyo wastani wa p ni sifuri. Na kwa sababu kilima kinafanana na φ₁, uwezekano wa kupata E₁ lazima uwe karibu sana na 1, na wastani wa nishati uwe juu kidogo tu ya E₁. Yaandike pembeni ya karatasi ya majaribio. Baadaye hayo ndiyo yatakayokuwa mashahidi wako.

Hatua ya pili: kunomalisha

Kunomalisha ni kuhakikisha kwamba ukijumlisha uwezekano wote ndani ya kisima unapata 1. Tunaandika:

```
1 = A² ∫₀ᴸ x² (L − x)² dx
```

Hapa ndipo kosa la kwanza linapozaliwa. Mwanafunzi mwenye haraka anafungua (L − x)² anaandika L² − x². Ukimwuliza siku ya kawaida, atacheka akuambie kwamba hata mtoto wa sekondari anajua kuna −2Lx katikati. Siku ya mtihani mkono wake unaandika L² − x² bila kumwuliza ruhusa. Integrali yake inatoa 2L⁵/15, naye anaendelea akiwa na A² = 15/(2L⁵).

Ubaya wa kosa hili ni kwamba vipimo vyake viko sawa. L⁵ ipo mahali pake. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba vipimo vikikubali basi jibu ni salama, na hapa ndipo wanapodanganyika. Kitakachokuokoa ni kuangalia ukubwa. Thamani ya juu kabisa ya x²(L − x)² iko katikati, na ni L⁴/16. Eneo lililo chini ya mstari haliwezi kuzidi urefu wa juu mara upana, yaani L⁵/16, ambayo ni kama 0.063 L⁵. Na 2/15 ni 0.133. Eneo limekuwa kubwa kuliko sanduku linalolibeba. Rudi nyuma.

Ukifungua vizuri unapata

```
∫₀ᴸ (L²x² − 2Lx³ + x⁴) dx = L⁵ (1/3 − 1/2 + 1/5) = L⁵/30
```

na 1/30 ni 0.033, inaingia kwenye sanduku bila taabu. Mimi binafsi siku hizi sifungui mabano kabisa. Naweka u = x/L ili L zote zitoke nje, kisha natumia fomula hii, ambayo inastahili kukaa kichwani kuliko nyingi mnazokariri:

```
∫₀¹ uᵐ (1 − u)ⁿ du = m! n! / (m + n + 1)!
```

Kwa m = n = 2 inatoa 2·2/120, yaani 1/30. Mstari mmoja, hakuna alama ya kutoa ya kupoteza.

Kosa la pili liko mstari unaofuata, na hili ndilo kipeo na kipeuo chenyewe. Tumepata A² = 30/L⁵. Anayesahau kipeuo anaandika A = 30/L⁵ anasonga mbele. Hili vipimo vinalikamata mara moja: kwenye mstari mmoja, |ψ|² mara urefu lazima iwe namba tupu, kwa hiyo ψ yenyewe ina kipimo cha 1 juu ya kipeuo cha pili cha urefu. Weka A = √(30/L⁵) mbele ya x(L − x), ambayo ni urefu mara urefu: L⁻⁵ᐟ² mara L² ni L⁻¹ᐟ². Sawa. Weka A = 30/L⁵ na unabaki na L⁻³. Si sawa.

Jambo la mwisho kuhusu A, na ni la mkakati zaidi kuliko hesabu: usiweke thamani yake mapema. Katika hesabu zote zinazofuata acha herufi A, au A², mpaka mstari wa mwisho. Ukigundua baadaye kwamba A ilikosewa, utabadilisha namba moja kila mahali badala ya kurudia kurasa tatu. Na msahihishaji akiona njia yako ni safi na kosa liko kwenye A peke yake, atakukata pale palipokosewa tu.

Hatua ya tatu: wastani wa p², na ishara ya kutoa

Opereta ya p ni −iħ d/dx. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata −ħ² d²/dx². Ishara ya kutoa inatoka kwa i mara i. Ukideriva x(L − x) mara mbili unapata −2, kwa hiyo ψ″ = −2A. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha:

```
⟨p²⟩ = −ħ² ∫₀ᴸ ψ ψ″ dx = 2ħ² A² ∫₀ᴸ x(L − x) dx
     = 2ħ² · (30/L⁵) · (L³/6) = 10 ħ²/L²
```

Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi, nilipoteza ishara moja kati ya hizo mbili nikapata −10ħ²/L². Niliona kwamba wastani wa kitu kilichopigwa kipeo cha pili hauwezi kuwa hasi. Badala ya kutafuta kosa nikaifuta ile alama, nikaandika jibu chanya mstari wa chini. Aliyesahihisha alichora duara jekundu mahali pale pale nilipoifuta, na hakunipa hata nusu. Alikuwa na haki. Ukiona hasi, kosa liko katika mistari mitatu iliyotangulia. Litafute, usilipake rangi.

Kuna njia ya pili ya kupata jibu lile lile, na ndiyo ninayoipenda kwa kuhakiki. ψ ikiwa sifuri kwenye kuta zote mbili, unaweza kuhamisha deriva moja kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ukabaki na

```
⟨p²⟩ = ħ² ∫₀ᴸ |ψ′|² dx = ħ² A² ∫₀ᴸ (L − 2x)² dx = ħ² A² L³/3 = 10 ħ²/L²
```

Hapa hakuna hasi inayoweza kuingia, kwa sababu unajumlisha miraba mitupu. Kama njia mbili zinatoa jibu moja, nenda mbele bila wasiwasi. Kama zinatofautiana kwa ishara tu, tayari unajua ni ipi iliyokosewa.

Hatua ya nne: nishati, na shahidi wa kwanza anaitwa

Ndani ya kisima hakuna nishati nyingine isipokuwa ya mwendo, kwa hiyo wastani wa nishati ni p² juu ya 2m: 5ħ²/(mL²). Sasa kumbuka nishati ya hali ya chini, E₁ = π²ħ²/(2mL²). Nusu ya π² ni 4.93. Wastani wetu ni 5, E₁ ni 4.93. Uko juu kidogo, kama mchoro ulivyotuahidi.

Uhakiki huu hauchukui sekunde kumi na tano, na sijui mwingine unaokamata makosa mengi kwa muda mfupi hivyo. Hakuna hali yoyote, iwe na umbo gani, ambayo wastani wake wa nishati unaweza kwenda chini ya E₁. Tumrudie yule aliyeandika L² − x² pale mwanzoni. A² yake ni 15/(2L⁵), kwa hiyo ⟨p²⟩ yake itakuwa 2.5ħ²/L² na nishati 1.25ħ²/(mL²). Hiyo ni robo ya E₁. Chembe yake imelala chini ya sakafu. Kosa alilolifanya kwenye ukurasa wa kwanza, na ambalo vipimo vilishindwa kuliona, nishati inalifichua kwenye ukurasa wa tatu. Hata wastani wake wa x, kama aliuhesabu kwa mabano yale yale, utatoka 0.625 L badala ya L/2, wakati kilima alichochora mwenyewe kina ulinganifu.

Hatua ya tano: uwezekano wa E₁

Tunatafuta c₁, yaani kiasi gani cha φ₁ kimo ndani ya ψ. φ₁ ni √(2/L) sin(πx/L). Integrali ya x(L − x) sin(πx/L) kutoka 0 mpaka L inatoa 4L³/π³, baada ya kuintegra kwa sehemu mara mbili. Kisha:

```
c₁ = √(2/L) · √(30/L⁵) · 4L³/π³ = 8√15/π³ ≈ 0.9993
|c₁|² = 960/π⁶ ≈ 0.9986
```

L zimefutana zote. Lazima zifutane, maana uwezekano ni namba tupu. Kama L imebaki hata moja, basi umesahau √(2/L) au umesahau kipeuo kwenye A. Makosa haya mawili nayaona kila mwaka, na mara nyingine yote mawili kwenye karatasi moja.

Kosa jingine la hapa ni kujibu 0.9993, yaani kusahau mraba wa mwisho. Kwa bahati mbaya namba hizi mbili zinafanana mno hata huwezi kuhisi kosa kwa macho. Jizoeze kuandika |c₁|² kama kichwa cha mstari kabla ya kuhesabu chochote, ili mkono ujue unakokwenda. Mraba wako usije ukawa wa chini ya ukurasa kama ule wa Born.

Ukiulizwa E₂, usihesabu. φ₂ inapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na kilima chetu kina ulinganifu, basi jibu ni sifuri. Hali zenye n shufwa zote hazimo. Kwa n = 3 unagawa 0.9986 kwa 729, unapata kama 0.0014. Jumlisha: 0.9986 na 0.0014 ni 1 kwa desimali tatu. Shahidi wa pili amekubali.

Mtego unaowanasa waliosoma sana

Swali likiongeza: tafuta wastani wa E². Mwanafunzi mzuri anachukua Hamiltoni mara mbili, anaderiva x(L − x) mara nne, anapata sifuri, anaandika ⟨E²⟩ = 0. Kila mstari wake unaonekana sahihi. Lakini mtawanyo wa nishati ni ⟨E²⟩ − ⟨E⟩², na kwake utakuwa 0 − 25, namba hasi, katika vipimo vya ħ⁴/(m²L⁴). Haiwezekani.

Sababu ni hii. Ukiipitisha Hamiltoni mara moja juu ya ψ, unapata konstanti: mstari ulionyooka, usioshuka kuwa sifuri kwenye kuta. Fonksyo kama hiyo si mwenyeji wa kisima hiki, na Hamiltoni haina ruhusa ya kupita tena juu yake kama kawaida. Njia salama ni kugawa kazi: Hamiltoni moja ipite juu ya ψ upande wa kushoto, nyingine upande wa kulia, kisha uchukue mraba.

```
⟨E²⟩ = ∫₀ᴸ |Hψ|² dx = (ħ²/2m)² · 4A² · L = 30 ħ⁴/(m²L⁴)
```

30 − 25 ni 5, chanya. Ukitaka kuthibitisha kwa njia ya c, jumla ya |cₙ|²Eₙ² inatoa 30 ile ile. Swali hili haliji mara nyingi, lakini likija linatenganisha watu.

Mraba wa namba changamano

Swali la pili la mtihani mara nyingi linatoa hali iliyochanganywa, kama hii:

```
ψ = N [ (1 + i) φ₁ + 2 φ₂ − i φ₃ ]
```

φ zote zimeshanomalishwa na hazigusani. Jioni moja mwanafunzi alinijia mtaani Nguba na daftari lake. "Yaya, nimepata N yenye i ndani. Hiyo inawezekana?" Nikamwambia anionyeshe mraba wa (1 + i). Alikuwa ameandika 2i. Mraba wa −i alikuwa ameandika −1. Kwa aljebra ya kawaida yuko sahihi. Tatizo ni kwamba huo si mraba tunaoutaka. Tunataka namba mara mwenzi wake, yule ambaye i yake imegeuzwa ishara: (1 + i)(1 − i) = 2, na (−i)(i) = 1. Jumla ni 2 + 4 + 1 = 7, kwa hiyo N = 1/√7, na uwezekano ni 2/7, 4/7 na 1/7.

Kanuni niliyompa ni fupi. Kabla ya kujumlisha, kila kipande lazima kiwe namba halisi isiyo hasi. Ukiona i au alama ya kutoa ndani ya jumla ile, acha kalamu. Na alama ya kutoa iliyo mbele ya φ₃ haipunguzi uwezekano. Iko pale kwa ajili ya mambo mengine, kama vile mahali chembe inapopatikana, au wakati ukipita.

Wastani wa nishati hapa ni (2·1 + 4·4 + 1·9)/7 mara E₁, yaani 27/7 ya E₁. Ni karibu 3.86 E₁, kati ya E₁ na 9E₁ kama inavyotakiwa. Aliyesahau kugawa kwa 7 atapata 27E₁, juu kuliko ngazi ya juu kabisa iliyomo ndani ya hali hii. Wastani hauwezi kuwa mrefu kuliko mrefu wao.

Mraba wa opereta

Hili ni lile lile la L² − x², limevaa koti. Kwenye osileta, x ni konstanti mara (a + a†). Wakiipiga kipeo cha pili, wengi wanaandika a² + 2a†a + a†². Lakini a na a† hazibadilishani nafasi. Kuna aa† na kuna a†a, na tofauti yao ni 1. Kwa hali ya n, vipande viwili vya katikati vinatoa (n + 1) na n, jumla 2n + 1. Anayeandika 2a†a anapata 2n, na kwa n = 0 anapata kwamba chembe haina mtawanyo kabisa, imesimama tuli mahali pamoja. Heisenberg hawezi kukubali. Jaribu kila mara n = 0; kosa hili linajitoa lenyewe hadharani.

Na unapotoka kwenye mstari kwenda kwenye nafasi ya pande tatu, kama atomu ya haidrojeni, kumbuka kwamba r² inaingia ndani ya integrali hata kama swali halikuitaja. Kwa ψ = A e⁻ʳᐟᵃ integrali ni 4πA² ∫ r² e⁻²ʳᐟᵃ dr, nayo inatoa πa³A². Ukisahau r², vipimo vya A vitakataa, maana hapa ψ ni urefu kwa kipeo −3/2. Ukisahau ile 2 iliyo juu ya e (mraba tena!), vipimo vitanyamaza, na utapata 8πa³ badala ya πa³. Hapo usitegemee shahidi. Andika |ψ|² peke yake kwenye mstari wake kabla ya kuweka alama ya integrali.

Orodha ya kukagua, kwa saa ya ukutani

Chukua mtihani wa saa tatu wenye maswali manne. Hiyo ni dakika 45 kwa swali. Fanya kazi 40, acha 5. Usizikusanye hizo tano tano mpaka mwisho wa mtihani, maana mwisho hautafika ukiwa na akili ya kutosha. Kagua kila swali papo hapo, kwa mpangilio huu, kuanzia lile la haraka zaidi:

1. Je, kuna mraba uliotoka hasi, au uwezekano uliozidi 1? Macho tu yanatosha.
2. Je, i imebaki ndani ya jibu la kitu kinachopimwa?
3. Je, ⟨x⟩ iko ndani ya kisima, na kama mchoro una ulinganifu, iko katikati?
4. Je, A inaipa ψ kipimo chake: urefu⁻¹ᐟ² kwa mstari mmoja, urefu⁻³ᐟ² kwa pande tatu?
5. Je, eneo la integrali ya A linaingia kwenye sanduku lake?
6. Je, wastani wa nishati uko juu ya E₁, na chini ya ngazi ya juu kabisa iliyomo?
7. Je, |c|² zinajumlika kufika 1?
8. Ukibaki na dakika: σx mara σp. Katika swali letu ⟨x²⟩ ni 2L²/7, kwa hiyo σx² = 2/7 − 1/4 = 1/28 ya L². Mara 10, kisha kipeuo: 0.598 ħ. Iko juu ya ħ/2, imepita.

Namba 5 na 6 ndizo zinazofidia udhaifu wa namba 4. Kama una nafasi ya mbili tu, chukua 1 na 6.

Na kama ukaguzi umekataa lakini saa imekwisha? Usifute. Andika chini ya jibu mstari mmoja: "Nishati hii iko chini ya E₁, haiwezekani, kosa liko kwenye hesabu ya A." Unaponionyesha kwamba umeliona na unajua liko mstari gani, sina tena sababu ya kukukata kama nilivyotaka kumkata aliyenipa jibu lile lile akiwa amelipigia mstari mara mbili kwa fahari.